Marejeleo ya Ben Ndolo

Darasa lao la uzamili lilianza na watu wengi, wakabaki wachache, na katika hao wachache kila mtu alijulikana kwa kitu chake. Ben Ndolo alijulikana kwa kicheko. Waithera alijulikana kwa marejeleo.

Haikuwa sifa ya kumfurahisha mtu. Chuo chao, kampasi ndogo pale Kitui mjini, kilitaka kila tasnifu ifuate mtindo wa APA. Ukitaja kazi ya mtu ndani ya maandishi, unaweka jina lake la ukoo na mwaka kwenye mabano. Kisha nyuma ya tasnifu, kwenye orodha, kazi hiyo hiyo inaandikwa kwa ukamilifu: mwandishi, mwaka, kichwa cha makala, jarida, toleo, kurasa, na DOI, anwani yake ya mtandaoni, ikiwa ipo. Kila jina la ndani lazima liwe na mwenzake kule nyuma, na kila la nyuma liwe limetajwa ndani. Wanafunzi waliichukia kazi hiyo kama kuosha sufuria za harusi ya jirani. Waithera aliipenda. Akitazama ukurasa aliona koma iliyokosekana kabla hajaona neno lolote.

"Mwalimu wa Nukta!" Ben alikuwa akimwita hivyo mbele ya wenzao, na darasa zima hucheka. Waithera hucheka pia, kidogo.

Alikuwa mzaliwa wa Emali. Wazazi wake walitoka Murang'a zamani wakafungua duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara ya Mombasa. Yeye alifundisha Kilimo katika shule moja ya upili Kathonzweni. Hakuajiriwa na serikali, aliajiriwa na bodi ya shule, na bodi ikiamka vibaya inaweza kumwambia muhula ujao asirudi. Alikuwa ameishi hivyo tangu amalize digrii yake ya kwanza. Kila mwisho wa wiki alikuja Kitui kusoma, na kila Jumapili alirudi Kathonzweni na faili lake kifuani.

Ben alitoka Mutomo. Mama yake, Kalondu, alimlea kwa mbuzi, na alipokuwa mkubwa akaandika juu ya mbuzi: miti gani wafugaji wa kusini mwa Kitui huwapa mbuzi wakati wa ukame, na kwa nini. Akiongea juu ya maganda ya mti wa mulaa na jinsi wazee wanavyoyatikisa kutoka mtini, hata mpishi wa kantini alisimama kusikiliza. Lakini kuandika kwake kulikuwa fujo. Ndani ataandika Musyimi 2015, nyuma atakuwa Musyimi 2016. Ndani ataandika Kioko na wenzake, nyuma utakuta Kioko na mtu mmoja tu.

Msimamizi wao wote wawili alikuwa Dakta Mwanahamisi Yakub, ambaye pia alikuwa mkuu wa idara. Mwanamke wa Kitui mjini, mpole, mwenye kusema jambo zito kama anayeuliza kama umekunywa chai. Siku moja baada ya darasa aliwaita ofisini.

"Idara imeruhusiwa kuajiri mhadhiri msaidizi," aliwaambia. "Nafasi ni moja. Watataka mtu aliyemaliza masters. Nyinyi ndio mnamaliza mwaka huu. Kwa hivyo, defence ndiyo itaamua."

"Daktari, mimi sina wasiwasi," Ben alisema akicheka. "Waithera atanishinda kwa nukta, mimi nitamshinda kwa mbuzi."

Dakta Mwanahamisi naye akacheka. Waithera aliona macho yake yanavyotulia kwa Ben akicheka, na akajua nafasi ile imekwenda wapi kabla haijatangazwa.

Wiki mbili kabla ya kuwasilisha, Ben alimpigia simu.

"Madam, nimeumia. Ile laptopu yangu imekufa kabisa. Chapters zote ninazo kwenye email, nilikuwa nimemtumia Daktari. Lakini reference list sikuwa nimeituma. Imeenda."

"Yote?"

"Yote. Lakini nimeitengeneza upya. Nimeweka kwenye Google Docs pamoja na chapters. Tafadhali, wewe una macho. Nipangie tu. Linganisha za ndani na za nyuma, na zile hazina details ujaze. Daktari amesema akiona tena vile nilimpelekea mara ya kwanza hataitia sahihi."

"Umeitengeneza upya aje, Ben?"

"Si nilikuwa na majina na miaka? Nimefuata hayo tu."

Waithera alikubali. Baadaye, mtu akimuuliza, angeweza kusema kwa haki kabisa kwamba siku hiyo alikubali kwa moyo mweupe.

Jumamosi hiyo hakwenda Kitui. Alibaki katika chumba cha walimu Kathonzweni, peke yake, madirisha yakiwa wazi kwa sababu ya joto, nje watahiniwa wakisubiri kipindi chake cha marudio. Alichapisha tasnifu ya Ben, akachukua kalamu ya rangi ya njano, akaanza ukurasa wa kwanza. Kila jina lililo kwenye mabano alilipaka rangi. Kisha akalitafuta kwenye orodha ya nyuma. Likiwepo, alama. Lisipokuwepo, duara.

Ilikuwa kazi ya kawaida na aliifurahia. Musyimi alikuwa na mwaka mmoja ndani na mwingine nyuma. Akatafuta makala yenyewe mtandaoni, akakuta ilitoka 2016, akarekebisha ndani. Kioko alikuwa na mwandishi mwenzake mmoja tu, na watu wawili hutajwa wote wawili kila mara, kwa hivyo "na wenzake" ikaondoka. Ripoti moja ya kaunti ilikuwa imeorodheshwa chini ya jina la ofisa aliyetia sahihi dibaji. Akaihamishia kwa ofisi iliyoitoa. Kulikuwa na kitabu kilichokosa mchapishaji, akakitafuta na kumjaza. Mahali kilipochapishwa kitabu Ben alikuwa amepaandika; APA ya sasa haitaki tena, akafuta. Kazi mbili za mwandishi mmoja za mwaka mmoja akazipa a na b, ndani na nyuma. Vitu vitatu vilikuwa nyuma na havikutajwa popote ndani. Akavitoa.

Kisha akafika kwa Muthiani na Kasyoka, 2014.

Hao walikuwa uti wa mgongo wa sura ya pili ya Ben. Aliwataja karibu kila ukurasa. Nyuma waliandikwa kama makala ya jarida, yenye toleo, kurasa na DOI. Lakini Waithera aliwajua Muthiani na Kasyoka. Hawakuandika makala ya jarida. Waliandika sura katika kitabu kilichohaririwa juu ya ufugaji wa nchi kavu, kitabu chenye jalada la kijani ambacho yeye mwenyewe alikitoa kwenye rafu ya maktaba ya kampasi na kumpa Ben asome. Waliketi meza moja siku ile. Sura hiyo hiyo ilikuwa kwenye tasnifu yake yeye.

Akaiweka ile DOI kwenye kivinjari. Ikafungua makala juu ya ugonjwa wa matamvua ya samaki.

Akajaribu nyingine. Haikufungua kitu. Akatafuta kichwa cha tatu, neno kwa neno. Hakikuwepo duniani. Jarida lilikuwepo, toleo lilikuwepo, lakini kwenye kurasa hizo kulikuwa na watu wengine wakisema mambo mengine. Alipomaliza kukagua alikuwa na kazi tano zilizo hivyo. Ndani ya maandishi majina na miaka yalikuwa sahihi, na Ben alisema kweli juu ya yale waliyoandika. Alikuwa amewasoma. Lakini orodha ya nyuma alikuwa ameiomba ile programu ya simu inayojibu kila kitu, naye akaipa majina na miaka, nayo ikamtungia vichwa, majarida na kurasa kama mtu anayemfurahisha mgeni. Ben hakufungua hata moja kuangalia.

Waithera alicheka peke yake. Mjinga huyu, aliwaza, na aliwaza kwa upendo. Alifungua faili lake mwenyewe, akanakili sura ya Muthiani na Kasyoka jinsi inavyotakiwa: waandishi, mwaka, kichwa cha sura, kisha neno la kuonyesha iko ndani ya kitabu, wahariri na herufi zao, jina la kitabu kwa italiki, kurasa za sura kwenye mabano, mchapishaji. Akafuta ile ya uongo, akabandika ya kweli. Kisha akaenda darasani kufundisha watoto juu ya minyoo ya mbuzi.

Aliporudi, simu ilikuwa na ujumbe wa sauti. Ben.

"Madam! Usimwambie mtu. Nimekutana na Daktari hapa sokoni. Ameniambia, eti nianze kuuliza nyumba za kukodisha Kitui. Ameniambia hivyo, Waithera! Nimempigia mama, analia tu. Na sikia, ukipata nafasi umalizie hizo nukta zangu leo, nitakununulia soda."

Akacheka mwishoni. Kicheko kile kile.

Waithera aliusikiliza tena. Nje mwalimu wa zamu alikuwa akimkaripia mtu kwa kuchelewa. Barua ya bodi ilikuwa mezani, ile ya kila muhula, inayosema kwamba mkataba wake utaangaliwa upya. Alikaa akitazama skrini, sura ya Muthiani na Kasyoka ikiwa imekaa pale, sahihi, safi.

Kisha akabonyeza kurudisha nyuma, mara moja, mara ya pili, mpaka ile makala ya jarida isiyokuwepo ikarudi.

Hakuishia hapo. Mtu mwingine angeiacha ilivyokuwa, haijanyooka, na mtahini angeishuku kwa kuiona tu. Waithera aliinyoosha. Jina la jarida akaliweka italiki, na namba ya toleo pia, lakini siyo ile iliyo kwenye mabano. Kati ya kurasa akaweka kistari kirefu badala ya kifupi. Herufi kubwa za kichwa akazishusha, akabakiza ya kwanza. DOI akaiandika kwa anwani kamili. Alifanya hivyo kwa zote tano, kwa uangalifu ule ule aliozipa zile za kweli, kisha akaipanga orodha nzima kwa alfabeti na kuingiza mstari wa pili wa kila moja ndani.

"Imekamilika," alimwandikia. "Za ndani na za nyuma zinalingana zote."

Na zililingana.

Utetezi wa tasnifu ulifanyika katika ukumbi mdogo wa kampasi, Ben asubuhi, Waithera mchana. Mlango ulikuwa wazi kwa yeyote, na darasa lao lote lilikuja. Waithera aliketi safu ya nyuma. Mtahini wa nje alikuwa Profesa Gicheru kutoka Nairobi, mzee mwembamba aliyevaa sweta ndani ya joto la Kitui na hakutoka jasho.

Ben aliongea vizuri. Aliongea juu ya mbuzi wa mama yake bila kuangalia karatasi, na Dakta Mwanahamisi alitabasamu muda wote. Alipomaliza watu wakapiga makofi. Profesa Gicheru hakupiga. Alikuwa akifunua kurasa za mwisho.

"Bwana Ndolo," alisema, "nimefurahia sana marejeleo yako. Nimetahini tasnifu miaka mingi na sijaona orodha safi namna hii. Nani alikufundisha?"

Watu wakacheka kwa upole. Ben akatabasamu. "Tumejifunza hapa hapa, Profesa."

"Nisomee Muthiani na Kasyoka."

Ben akasoma, pamoja na jina la jarida, toleo na kurasa.

"Kuna DOI hapo. Kompyuta ile inaonyesha ukutani. Iandike, sote tuone."

Ben akaandika herufi moja moja, akikosea na kufuta. Ukutani pakatokea picha kubwa ya samaki aliyefunuliwa matamvua.

Kwanza walicheka. Mtu wa safu ya mbele alicheka kwa sauti, akidhani Ben amekosea namba. Profesa Gicheru alisubiri wanyamaze.

"Rudia. Pengine umekosea."

Ben akarudia. Samaki akarudi.

"Twende kwa mwingine."

Walikwenda kwa wote watano. Profesa hakuharakisha. Kwa kila mmoja alimwambia Ben asome kwa sauti, kisha aandike, kisha awaambie watu anachokiona. "Sema wewe, mimi macho yangu ni mazee." Kufikia wa nne Ben alikuwa akisoma kwa sauti isiyofika katikati ya chumba, na Profesa akamwambia aongeze. Shati lake lilikuwa limeloa mgongoni. Hakuna aliyecheka tena.

"Profesa, hiyo kazi nimeisoma," Ben alisema. "Naweza kukuambia yaliyomo. Muthiani na Kasyoka wanasema wafugaji huacha miti fulani ikue karibu na boma ili—"

"Sikukuuliza ulisoma nini. Nimekuuliza hiki nilichoshika ni kitu gani."

"Orodha yangu ilipotea. Laptopu ilikufa. Nikatumia... nikatumia simu kuipata tena."

"Simu ikakutungia."

"Sikujua."

"Hukujua kwa sababu hukuangalia. Lakini mtu fulani aliangalia." Profesa aliinua ukurasa juu. "Kila italiki iko mahali pake. Kila koma. Mashine haziandiki hivi, huwa zinachanganya mitindo. Huu ni uongo uliovalishwa suti na mtu anayejua kushona. Ni nani?"

Nje ya lango bodaboda zilikuwa zikibishania abiria. Ben aliinua uso. Alitazama safu ya nyuma, moja kwa moja kwa Waithera, na Waithera hakukwepa macho yake. Alimtazama tu.

"Hakuna mtu," Ben alisema. "Ni mimi mwenyewe."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Dakta Mwanahamisi aliinamisha kichwa, akaanza kukunja karatasi iliyokuwa mbele yake, akaikunja mpaka haikukunjika tena.

Walimtoa nje, wakamwita tena, wakamwambia tasnifu imekataliwa na jambo lake litakwenda kwa kamati ya nidhamu kama udanganyifu. Alipotoka alipita karibu na Waithera. Akainama kidogo, akamnong'oneza, "Usijali. Wewe endelea na yako vizuri." Ndipo Waithera akaelewa. Ben alikuwa amemkinga. Aliamini kwamba Mwalimu wa Nukta alipanga tu nukta, kama alivyoombwa, na hakutaka jina lake lichafuke saa chache kabla ya zamu yake.

Mchana Waithera alisimama mbele ya Profesa yule yule. Hakuwa na mbuzi wala kicheko. Aliwasilisha, akajibu, akakaa. Profesa alifungua orodha yake na kuanza kupitisha kidole.

"Hapa kuna Muthiani na Kasyoka tena. Wewe unasema ni sura ya kitabu."

"Ndiyo, Profesa."

"Kitabu umekiona wapi?"

"Kiko kwenye maktaba yetu. Jalada la kijani."

Wakamtuma mtu, kitabu kikaletwa, kikafunguliwa kwenye ukurasa uliotajwa. Sura ilikuwepo. Profesa Gicheru akamgeukia Dakta Mwanahamisi na kutikisa kichwa polepole.

"Kumbe kipo nyumbani kwenu. Yule kijana hakuhitaji hata nauli. Alihitaji kutembea mpaka maktaba." Akageuka kwa Waithera. "Ulikuwa unamfahamu mwenzako. Hakukuuliza?"

Pale ndipo ilipokuwa nafasi ya mwisho, na Waithera aliiona ilivyo, wazi kama mlango. Angeweza kusema kwamba Ben alikisoma kitabu kile, kwamba waliketi meza moja, kwamba alichokosea ni uvivu na siyo udanganyifu.

"Hakuniuliza, Profesa," alisema.

Alipita bila marekebisho yoyote.

Kamati ya nidhamu ilimsimamisha Ben masomo miaka miwili, na ikasema akirudi ataanza utafiti upya, kwa mada nyingine. Barua ilitundikwa kwenye ubao wa matangazo, jina lake likiwa kwa herufi nzito, na kwa wiki nzima wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliipiga picha. Mmoja wao alitengeneza mzaha wa samaki akautuma kwenye kundi la WhatsApp. Ulizunguka mpaka ukafika Mutomo.

Shule zilipokuwa karibu kufungwa, Ben alikuja Kathonzweni. Waithera alimkuta langoni, amekonda, ameshika simu. Hakusalimia.

"Kamati ilinitaka niwapelekee ile document," alisema. "Nikafungua ile sehemu inayoonyesha nani amebadilisha nini. Nilitaka kuwaonyesha kazi yangu, siku baada ya siku."

Waithera aliiangalia ile simu.

"Rangi yako ni ya zambarau." Akamwekea simu mbele ya uso. "Hapa umeandika ile ya kweli. Sura, kitabu, wahariri, kila kitu. Halafu hapa, baada ya kipindi kimoja, umeitoa. Umerudisha ya uongo. Halafu umeipamba."

"Uliniomba nipange. Nilipanga."

"Uliniona nikisoma hicho kitabu! Wewe ndiye ulinipa!"

"Nilikupa. Kwa nini hukurudi kukiangalia?"

Ben aliishusha simu. "Mimi sikukutaja, Waithera. Mbele ya watu wote wale. Niliona wewe ni dada yangu."

"Sikukuomba usinitaje."

"Basi nitakutaja. Hii naipeleka kwa Daktari."

Waithera alikuwa ameliwaza jambo hilo mara nyingi, na jibu lilikuwa tayari. Alilitoa polepole, kama anavyowaeleza watoto somo gumu.

"Peleka. Lakini fikiria utakachowaambia. Orodha hukuiandika wewe, iliandikwa na simu. Kuikagua hukuikagua wewe, niliikagua mimi. Ulisema mbele ya mtahini kwamba uliifanya peke yako, huo ulikuwa uongo. Kwenye ukurasa wa mbele ulitia sahihi kwamba kazi yote ni yako, na huo pia. Sasa wamekupa miaka miwili. Ukienda na hiyo simu watakufukuza kabisa. Mimi nitaulizwa, nitasema nilirekebisha nikakosea nikarudisha. Watanipa barua ya onyo."

Ben alimtazama kama mtu anayetafuta kwenye uso wa mwingine alama aliyoiacha hapo zamani.

"Nilikukosea nini?" aliuliza.

Waithera alifikiri. Swali lilikuwa la haki. Angetaja jina lile la Mwalimu wa Nukta, au nyumba za kukodisha, lakini kila alichokipima kilikuwa kidogo mno ukikiweka karibu na Ben alivyosimama pale.

"Kengele imelia," alisema. "Nina darasa."

Ben hakuipeleka simu kwa Dakta Mwanahamisi. Alirudi Mutomo.

Mwaka uliofuata Waithera alikuwa na ofisi yake pale kampasi, chumba chenye dirisha moja linaloangalia maegesho, na jina lake mlangoni. Alipewa somo la mbinu za utafiti, na wanafunzi walimwogopa kwa sababu alikuwa akirudisha kazi kwa kosa la koma. Asubuhi moja mlango uligongwa, akaingia mwanamke mrefu aliyefunga leso kichwani, kiondo begani.

"Wewe ndiye Mwalimu Waithera?"

"Ndiyo, mama. Karibu ukae."

"Mimi ni Kalondu. Mama ya Ben." Hakukaa. Aliteremsha kiondo, akakiweka sakafuni kwa uangalifu. "Nimekuja na ndengu kidogo. Mwaka huu mvua ilitukumbuka. Nilikuwa nataka kukushukuru tangu zamani, lakini kutoka Mutomo ni mbali, na mbuzi hazina mtu."

"Kunishukuru, mama?"

"Ben aliniambia, hata kabla ya mambo kuharibika. Akasema, mama, kuna mwalimu mmoja Kathonzweni ananipangia kitabu changu, hataki hata senti. Nikasema, huyo Mungu amkumbuke. Sasa naona amekukumbuka." Akatazama kuta, rafu, mlango wenye jina. Alifurahi kwa dhati.

Waithera aliiweka mikono yake chini ya meza.

"Ben anaendeleaje?"

"Hasemi. Anachunga tu. Ukimwambia habari ya shule anatoka anaenda huko kwa mbuzi mpaka jua liingie. Zamani alikuwa anacheka huyo, mpaka nilikuwa namkataza." Mwanamke akainama karibu, akapunguza sauti. "Nimesikia hiyo miaka miwili inaisha mwakani. Wewe sasa uko ndani. Hungemsemea kwa wakubwa? Na huo mpango wa majina ya nyuma, ule ulimwangusha, si ungemsaidia tena, vile ulimsaidia mara ya kwanza? Wewe anakusikiliza. Hana rafiki mwingine wa shule."

Waithera alimtazama. Vidole vya Kalondu vilikuwa na nyufa zilizojaa udongo mwekundu, na kucha moja ilikuwa nyeusi, imegongwa na kitu. Hakujua chochote. Ben hakumwambia. Alibeba jambo lile peke yake mpaka nyumbani na hakumgawia hata mama yake.

"Mwambie anipigie simu," Waithera alisema. "Akinipigia, nitamsaidia."

Alijua hatapiga.

"Asante, mwanangu. Asante sana." Kalondu alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akaubana, akamwombea kwa Kikamba, maneno mengi ambayo Waithera aliyaelewa yote. Kisha akamimina ndengu kwenye mfuko uliokuwa kwenye kiti, ili arudi na kiondo chake, akaondoka akiwa amenyooka mgongo.

Jioni, nyumbani, Waithera alizimwaga kwenye sinia azichambue. Alipitisha vidole polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, akitafuta mawe na zile zilizoliwa na wadudu, kama macho yake yalivyozoea kutafuta. Hakupata kitu. Mtu alikuwa amezichambua moja moja kabla hazijatoka Mutomo. Akaziosha, akabandika sufuria.